Uzi: Koo linanikereketa kila siku ya kazi hapa Goma. Nianzie wapi, jikoni au barabarani?

MamaFuraha

Shikamooni wazee, na wengine nawasalimu. Ninapika maharagi, fufu na sombe kwa ajili ya kuuza, hapa Ndosho, kando ya barabara kubwa. Tangu kiangazi kianze, koo langu hukauka na kukereketa kana kwamba nimemeza unga mkavu, na ikifika saa sita mchana sauti inakuwa imekwaruza kiasi kwamba wateja wananiuliza kama nimelia. Sina homa, sitoi makohozi mengi, na Jumapili, siku ambayo sipiki wala siuzi, napata nafuu.

Jiko langu ni kibanda cha mabati chenye upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nne, na kina mlango mmoja tu. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, nawasha mbabula mbili za makala humo ndani kwa sababu nje kuna giza na nahofia wezi, na kufikia saa moja vyungu viko tayari kupelekwa kwenye meza ya barabarani. Hapo mezani nakaa hadi jioni, na malori yanapita yakitimua lile vumbi jeusi la lava tunalolijua sote. Mume wangu anasema tatizo ni vumbi, na anataka tutumie akiba yetu kuhamisha meza. Kabla hatujatoa fedha, naomba ushauri wa wenye ujuzi.

MzeeBahati_Katindo

Mama Furaha, pole sana. Mimi nilifanya kazi ya kuchomelea vyuma kwa miaka mingi, na kila jioni tulikunywa maziwa ili yasafishe moshi kifuani. Kunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, uchafu wote utashuka. Pia usipumue kwa mdomo unapopika, maana pua ndiyo chujio ambalo Mungu ametupa.

Muuguzi_Himbi

Mzee Bahati, heshima yako. Neno la pua ni la kweli kabisa, na ningependa Mama Furaha alishike, kwa sababu anayepumua kwa mdomo hupeleka vumbi na hewa kavu moja kwa moja kooni. Lakini maziwa hushuka katika njia ya chakula, wala hayagusi mapafu. Yanalainisha koo kwa muda, kama maji ya uvuguvugu yanavyofanya, na kwa hiyo mtu huhisi nafuu na kudhani amesafishwa. Hayo tuliyaamini sote.

Mama Furaha, kabla ya kuhamisha meza, nakuuliza mambo matatu. Koo huanza kukereketa saa ngapi hasa: ukiwa bado jikoni, au baada ya kukaa mezani? Siku ya mvua, vumbi linapolala, je, unapata nafuu? Na yuko mtu mwingine anayekaa nawe mezani ambaye hapiki? Majibu ya maswali hayo yatatuonyesha chanzo kikuu vizuri zaidi kuliko mimi kukisia nikiwa hapa Himbi.

Kijana_wa_Chuo

Mbona hakuna anayetaja mazuku? Goma imejengwa juu ya gesi ya volkano, na huenda kibanda cha mama kiko mahali inapotokea. Gesi hiyo ndiyo inayokereketa koo.

Muuguzi_Himbi

Ndugu yangu, ni vizuri kutaja mazuku, lakini umechanganya mambo mawili, na kosa hilo linaweza kumponza mtu. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo, kama tunavyoona kando ya ziwa kuelekea Sake. Haina harufu wala haimkereketi mtu; unaona mbuzi amelala chini amekufa, basi. Anayesubiri koo limwonye kuhusu mazuku atakuwa amechelewa.

Gesi ya volkano inayokereketa koo na macho ni dioksidi ya salfa, ile inayotoka katika kreta ya Nyiragongo na kunuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mara nyingi upepo huipeleka upande wa magharibi. Ikifika mjini, mtaa mzima hukohoa kwa pamoja, na haichagui Jumatatu ikaacha Jumapili. Nafuu ya Mama Furaha siku ya Jumapili inatuambia kwamba chanzo kiko katika kazi yake.

MamaFuraha

Asante, Muuguzi. Saa sikuwahi kuangalia. Mvua haijanyesha wiki hii. Wifi yangu ndiye anayekaa nami mezani na kuosha sahani, naye hapiki. Analalamika kuhusu koo, lakini si kama mimi.

Muuguzi_Himbi

Basi tufanye hivi. Chukua daftari, na kwa siku 12 uandike jinsi koo lako lilivyo mara tatu kwa siku: unapoamka, unapotoka jikoni saa moja, na jioni. Tumia alama kuanzia 0, maana yake hakuna kero, hadi 5, maana yake sauti imekwisha. Wifi yako naye aandike zake. Pembeni andika kama mvua imenyesha, na kama siku hiyo umewashia makala nje au ndani. Siku 6 za mwanzo usibadilishe chochote. Siku 6 zinazofuata, washa nje, na meza uiache palepale ilipo. Ukibadilisha yote mawili kwa pamoja, hutajua fedha zako zilinunua nini.

Naeleza sababu ya kushuku makala. Watu husema makala hayana moshi, na hayo ni kweli yakishakolea. Robo saa ya kwanza ni habari nyingine. Makala tunayouziwa hapa mara nyingi hayakuiva vizuri kwenye tanuri, ndani yake mna visinga ambavyo bado ni kuni, na hivyo ndivyo vinavyotoa ule moshi mweupe mzito unaochoma macho na koo. Tena wengi tunawashia vipande vya plastiki. Mama, wewe unawashia nini?

MamaFuraha

Nitasema ukweli: nawashia sasheti na vifuniko vya chupa. Vinashika haraka kuliko karatasi.

Fundi_Makopo

Mimi ni fundi wa mabati, na naomba nichangie kwa mikono yangu. Sasheti hazihitajiki kabisa. Tafuta kopo kubwa la mafuta ya kula au la nyanya, lenye urefu wa kama mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Toa kifuniko na kitako, libaki bomba tupu. Kwa chini, toboa matundu ya upana wa kidole kulizunguka, kisha pitisha nondo mbili nyembamba juu kidogo ya matundu, ziwe kama wavu wa kushikilia makala. Funga waya mgumu pembeni uwe mpini, ukitanguliza kipande cha ubao ili usiungue.

Weka kopo juu ya mbabula, nje ya nyumba. Chini ya nondo sokomeza vigunzi vikavu vya mahindi au karatasi, juu jaza makala yaliyovunjwa kiasi cha ngumi ya mtoto. Washa kwa chini. Hewa inaingia kwa matundu na kupanda kwa nguvu kama katika bomba la moshi, kwa hiyo hakuna haja ya kupepea wala kupuliza kwa mdomo. Na kule kupuliza, mama, ndiko kunakokuweka uso kwa uso na moshi wote! Baada ya dakika 15 hadi 20, makala ya juu yanapata kingo za kijivu na moshi mweupe unakatika. Hapo ndipo unapoinua kopo kwa mpini na kumimina makala kwenye mbabula.

Makala yakiwa na unyevu, itachukua muda mrefu zaidi. Na ukiona moshi haukatiki baada ya nusu saa, mwaga utazame: utakuta visinga vya kahawia, vizito, visivyolia ukivigonganisha. Makala yaliyoiva hulia kama vigae.

Muuguzi_Himbi

Fundi, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Naongeza onyo moja tu. Makala yaliyokolea hayatoi moshi unaoonekana, lakini yanatoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu na isiyokereketa. Kwa hiyo koo likitulia, mama asidhani hewa ya kibanda imekuwa safi. Kichwa kikianza kuuma jikoni, kizunguzungu au kichefuchefu kikikujia, kisha ukatoka nje na kupata nafuu, hiyo ni dalili ya gesi hiyo: toka mara moja, na usirudi kabla hewa haijabadilika. Na katika baridi ya usiku ya Goma, mbabula isiingizwe kamwe chumba cha kulala, hata ikiwa imebaki na majivu mekundu tu. Watu wamelala wasiamke.

Kuhusu kibanda chenyewe, mlango mmoja hautoshi, kwa sababu hewa haina pa kutokea. Kata nafasi juu kabisa chini ya paa, upande unaokabiliana na mlango, iwe na upana wa mabati mawili ukiweza, kisha uizibe kwa wavu wa chuma kwa sababu ya wezi. Moshi wa moto hupanda. Tundu la chini halitausaidia sana kutoka.

Dereva_Birere

Ninyi mnazungumza habari za jiko, lakini sisi wa pikipiki ndio tunaokula moshi wa malori na vumbi siku nzima. Nimenunua barakoa ya kitambaa chenye rangi za timu, na jioni nikiivua ndani ni nyeusi. Je, si ushahidi kwamba inafanya kazi?

Muuguzi_Himbi

Inafanya sehemu ya kazi, ndugu. Weusi ule ni vumbi kubwa, ambalo kitambaa kinaweza kulinasa, na kwa koo lako hiyo ni faida. Chembechembe ndogo za moshi wa dizeli hupenya kitambaa na kupita pembeni ya pua. Barakoa yenye maandishi FFP2 au N95 huzinasa nyingi sana, mradi ishike uso pande zote. Ukiwa na ndevu, hewa inapita kwenye ndevu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia gesi, iwe ya magari au ya volkano. Pia unapokuwa katika msongamano, usisimame nyuma ya bomba la lori. Vuta mita chache pembeni, upande upepo unakotoka.

Kuna jambo moja ambalo dereva na mama wote wanapaswa kulijua. Vumbi kubwa linalokereketa huishia puani na kooni, nasi tunalihisi. Zile chembechembe ndogo huteremka hadi ndani ya mapafu, na mara nyingi hatuzihisi. Kwa hiyo koo ni shahidi mzuri wa vumbi, lakini ni shahidi dhaifu wa moshi mwembamba.

Mwana_wa_Bukavu

Naomba msaada nami, ingawa niko Bukavu. Mama yangu mzazi ana koo linalomtekenya na kikohozi kikavu kwa miezi miwili, hasa usiku. Tumemhamishia chumba cha mbali na jiko, tumenunua hata jiko la umeme, hakuna mabadiliko. Ana umri wa miaka 63, na ana shinikizo la damu. Kuna moshi gani mwingine ambao hatujauona?

Muuguzi_Himbi

Ndugu, anatumia dawa gani ya shinikizo?

Mwana_wa_Bukavu

Nimekwenda kuangalia kwenye sanduku. Imeandikwa enalapril. Alianza kabla ya kikohozi, lakini sikumbuki ni wiki ngapi.

Muuguzi_Himbi

Enalapril, captopril na ndugu zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kutekenya koo, na kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa. Huenda moshi unasingiziwa bure. Hata hivyo asiache dawa mwenyewe, kwa sababu shinikizo lililopanda ni hatari kuliko kikohozi. Apeleke sanduku hilo kwa daktari wake na aulize kama anaweza kubadilishiwa aina nyingine. Kikohozi hicho huisha polepole baada ya kubadilisha, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Pia, kwa kuwa kikohozi kimezidi wiki 2, makohozi yapimwe kifua kikuu. Hata kama dawa imeshukiwa, kipimo hicho bado kinahitajika.

MzeeBahati_Katindo

Haya ya dawa sikuyajua. Nami natumia captopril, na nilidhani kikohozi changu kinatokana na uchomeleaji wa zamani.

Muuguzi_Himbi

Mzee, kinaweza kutokana na vyote viwili. Nenda kaulize, na useme pia kwamba ulikuwa mchomeleaji, kwa sababu daktari hatakisia.

MamaFuraha

Nimerudi na daftari, siku 12 zimetimia. Naandika kama lilivyo.

Siku 6 za kwanza, nikiwashia ndani kwa sasheti: nikiamka alama yangu ilikuwa 1, saa moja asubuhi ilikuwa tayari 3 au 4, na jioni 4. Siku ya nne mvua kubwa ilinyesha tangu usiku, barabara ikawa tope, hakuna vumbi hata chembe. Nilitarajia nafuu. Saa moja alama ilikuwa 4 kama kawaida, na jioni 3. Wifi yangu asubuhi alikuwa 0 siku zote, jioni 2, ila siku ya mvua jioni alikuwa 0.

Siku 6 za pili, nikiwashia nje kwa kopo la Fundi na vigunzi: saa moja nilikuwa 1, siku moja tu 2, kwa sababu makala ya gunia jipya yalikuwa na visinga. Jioni 2. Wifi hakubadilika. Sauti yangu bado inakwaruza kidogo mchana, lakini wateja hawaulizi tena. Kuhusu wezi, mume wangu sasa anaamka nami kwa ile robo saa, ingawa ananung'unika.

Fundi_Makopo

Hapo mvua ndiyo iliyotoa hukumu! Vumbi lililala, koo la mama halikulala.

Muuguzi_Himbi

Daftari hili ni zuri. Kwa Mama Furaha, kero kubwa inatoka jikoni alfajiri, na vumbi linaongeza sehemu ndogo jioni. Kwa wifi ni vumbi pekee. Kwa hiyo fedha za kuhamisha meza zisingemsaidia sana mpishi, ijapokuwa zingemsaidia muosha sahani.

Sasa punguza saa zenyewe za moto. Goma iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100; ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva hapa. Yaloweke tangu jioni, maji ya kulowekea uyamwage, na asubuhi yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa. Kisha ondoa chungu kikiwa bado kinatokota na kifuniko chake, kizungushie blanketi zito ndani ya kikapu, ukiache kwa saa 2 au 3. Kitaendelea kuiva bila moto. Usiyapeleke kwenye kikapu kabla hayajachemka kwa nguvu, hasa maharagi mekundu, kwa sababu yasipochemka sawasawa yanasumbua tumbo.

MamaFuraha

Saa 3 zitanichelewesha kwa wateja wa asubuhi.

Muuguzi_Himbi

Ndiyo, kwa wale wa asubuhi haitawezekana, labda uyapike jioni, na alfajiri uyapashe moto hadi yachemke tena vizuri. Chungu cha mchana ndicho kitakachoingia kikapuni.

Jirani_wa_Katoyi

Na vumbi la wifi? Sisi hapa mtaani tunamwaga maji mbele ya duka mara mbili kwa siku, na vumbi linapungua.

Dereva_Birere

Linapungua kwa nusu saa, kisha lava inayanywa yote. Na maji yenyewe watoto wanayabeba kwa madumu kutoka ziwani. Nani atamwaga maji ya kunywa barabarani?

Jirani_wa_Katoyi

Hatumwagi ya kunywa. Ni maji ya kufulia.

Muuguzi_Himbi

Ya kufulia yanafaa, ila yasiwe yaliyooshea nepi, na msimwage karibu na chakula. Dereva naye hajakosea, kwa sababu ardhi yetu haishiki maji. Ninachoona kina faida ya kudumu ni kurudisha meza nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu, hata hatua tano, na kutundika turubai au mkeka upande wa barabara hadi usawa wa kichwa cha aliyekaa. Kufagia mbele ya meza kufanyike baada ya kunyunyiza, wala si kukavu, kwa maana ufagio mkavu hurudisha hewani vumbi lililokwisha kutulia. Wifi anaweza kuvaa barakoa saa za malori mengi. Sitasema alama yake itafika 0.

MamaFuraha

Hatua tano sina, kiwanja cha jirani kinaanzia hatua ya tatu. Turubai nitajaribu. Na kwa koo lililobaki, nitumie nini? Kuna anayeuza vidonge vya antibiotiki hapa kwenye kona.

Muuguzi_Himbi

Viache vidonge hivyo. Antibiotiki haiui vumbi. Kunywa maji mara kwa mara, na jioni sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha uteme. Hii ni nafuu tu, si kinga. Lakini sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki 3, au chakula kikikwama, ukaona damu, uvimbe shingoni, au kifua kikapiga filimbi, nenda hospitali bila kusubiri daftari lingine.

Mwana_wa_Bukavu

Daktari amembadilishia mama dawa leo, na makohozi yamepelekwa maabara. Majibu nitayaleta hapa.

MamaFuraha

Tunasubiri, ndugu. Nami turubai imefungwa jana. Wifi jioni ameandika 2 tena, lakini upepo ulitoka upande wa ziwa, kwa hiyo hatujui bado. Tumeanza ukurasa mpya.